Hati ya kikao: jinsi ya kupanga, kufunga muda na kuandika majaribio ya uchunguzi

Mjaribu wa programu akiambiwa "hebu ipitie hii sehemu mpya uone kama iko sawa", hakuna anayejua atafanya nini kwa saa mbili zijazo. Huenda akarudi na hitilafu tatu au nne za maana. Lakini mwulize ni nini alichokiangalia kikawa kizima, au ni nini ambacho hakukigusa kabisa, na jibu litatoka kichwani mwake, likiwa limeshaanza kufifia. Wiki mbili baadaye hitilafu ikijitokeza mahali palepale, hatuwezi hata kujua kama alipita hapo.

Hati ya kikao inaondoa tatizo hilo bila kumfunga mjaribu kwenye orodha ya hatua zilizoandikwa mapema. Ni sentensi moja inayosema kikao kinatafuta nini, muda uliofungwa wa kukitafuta, na karatasi ya kuandika kilichoonekana. Utaratibu huu katika umbo lake la leo ulielezwa mwaka 2000 na ndugu wawili, Jonathan Bach na James Bach, kutokana na kazi waliyoifanya kwa kampuni ya Hewlett-Packard. Walitaka mjaribu aendelee kuamua mwenyewe jaribio lijalo kwa kuangalia lililopita limemwonyesha nini, na wakati huohuo kiongozi wake aweze kuona kazi imefika wapi.

Nitaueleza kwa kikao kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mfumo ni wa kuhifadhi taarifa za wateja, na sehemu mpya inamruhusu mtumiaji kupakia faili la CSV, yaani jedwali lililoandikwa kama matini na thamani zake kutenganishwa kwa mkato, lenye jina, simu, baruapepe na anwani. Anachagua faili, anaona onyesho la awali, anabonyeza Hifadhi, na wateja wanaingia kwenye orodha.

Kuandika hati

Muundo unaofanya kazi vizuri una sehemu tatu: chunguza kitu gani, kwa kutumia nini, ili kugundua nini. Umeenezwa zaidi na mtaalamu wa majaribio ya programu Elisabeth Hendrickson. Ubora wake uko kwenye ile sehemu ya tatu, ambayo wengi huiruka. Kusema unachunguza upakiaji wa faili ni rahisi. Kusema unatafuta aina gani ya ubaya kunakulazimisha ufikiri kabla hujagusa kibodi.

Kwa mfano wetu, jaribio la kwanza la hati linaweza kuwa "Jaribu upakiaji wa wateja". Hiyo ni pana mno. Ndani yake kuna kasi, usalama, haki za watumiaji, mwonekano kwenye simu, mtandao unapokatika, na mengine ambayo hata vikao kumi havitayamaliza. Mjaribu ataonja kila kitu na hatashiba chochote.

Upande wa pili kuna hati iliyobanwa mno: "Pakia faili la UTF-8 lenye BOM, bonyeza Hifadhi, hakikisha wateja 20 wameonekana." Hilo ni jaribio lililokwisha kuandikwa. Kama unajua hatua zote na jibu linalotarajiwa, usitumie kikao kwa ajili yake. Liandike kama jaribio la kiotomatiki liendeshwe kila siku.

Mimi hupima upana wa hati kwa maswali mawili. Kwanza, wajaribu wawili wakipewa hati hii, je, wanaweza kufanya mambo tofauti na bado wote wakawa ndani yake? Kama hapana, imebanwa. Pili, mwishoni mwa dakika 90, je, mjaribu ataweza kusema kwa uaminifu "swali hili nimelijibu kwa kiasi fulani, na hiki ndicho kilichobaki"? Kama hapana, ni pana.

Hati tuliyoishia nayo ni hii:

```
Chunguza upakiaji wa faili la wateja
kwa mafaili yaliyotoka katika programu mbalimbali za jedwali
ili kugundua taarifa zinazobadilika au kupotea bila onyo.
```

Maneno "bila onyo" ndiyo yanayobeba kikao. Mfumo ukilikataa faili na kusema sababu, mtumiaji atakasirika kidogo kisha atalirekebisha. Mfumo ukilipokea faili, ukasema umefanikiwa, na nyuma ya pazia ukapoteza mteja mmoja au ukabadilisha namba ya simu, hakuna atakayejua hadi siku simu itakapopigwa isiende popote. Kwa kuandika hivyo tumeshaamua kwamba ujumbe wa kosa wenye maneno mabaya si windo letu leo. Tukiuona tutauandika, lakini hatutaukimbiza.

Swali hilo la hatari linatoka wapi? Mara nyingi kutoka kwa watu wa huduma kwa wateja, kutoka kwenye hitilafu za zamani za sehemu inayofanana, na kutoka kwa msanidi mwenyewe. Mwulize: "Ni sehemu gani ya kazi hii ambayo hukuwa na uhakika nayo?" Kwa kawaida anajua, na kwa kawaida hakuna aliyewahi kumwuliza.

Maandalizi kabla saa haijaanza

Kile kinachoweza kuandaliwa kabla ya kikao kiandaliwe kabla. Akaunti ya majaribio iwe inafunguka, toleo sahihi liwe limewekwa, na ruhusa ziwe zimetolewa. Kikao kinachotumia dakika 40 za mwanzo kutafuta nywila si kikao cha majaribio, ingawa kwenye ratiba kitaonekana hivyo.

Kwa kazi ya CSV, maandalizi muhimu zaidi ni faili la msingi: faili dogo ambalo unajua kila herufi iliyomo na ambalo mfumo unalipokea bila tatizo. Sisi tulikuwa na wateja 20. Mafaili mengine yote yanatokana na hilo, na kila moja linatofautiana nalo kwa jambo moja tu. Ukibadilisha mambo mawili kwa pamoja na mfumo ukavurugika, itabidi utumie muda wa kikao kutafuta ni lipi kati ya hayo mawili lililosababisha.

Jambo la pili ni namna ya kuanza upya. Baada ya kila upakiaji orodha inabaki na wateja 20, na upakiaji unaofuata utachanganyika nao. Tuliandaa akaunti kadhaa tupu, moja kwa kila faili, ili kila hesabu isomeke peke yake.

Halafu orodha fupi ya mawazo, mistari mitano au sita, isiyo na mpangilio wa lazima. Yetu ilikuwa na BOM, sifuri ya mwanzo kwenye simu, nukta mkato badala ya mkato, anwani yenye mistari miwili, na namba ndefu. Hii si ratiba. Ni mahali pa kuanzia na pa kurudi mawazo yanapokauka, na mjaribu ana ruhusa kamili ya kuiacha pindi mfumo unapomwonyesha kitu cha kuvutia zaidi.

Kufunga muda

Katika utaratibu wa asili vikao vina urefu wa aina tatu: kifupi kama dakika 60, cha kawaida dakika 90, na kirefu dakika 120, vyote vikiruhusiwa kupungua au kuzidi kwa takriban robo saa. Ninapendelea dakika 90. Chini ya saa moja mjaribu anakuwa ndiyo kwanza ameanza kuuelewa mfumo, na baada ya saa mbili umakini unashuka na maandishi yanakuwa mafupi mafupi.

Kufunga muda kuna maana mbili. Ya kwanza ni kwamba kikao kina mwisho, na mwisho ukifika unasimama hata kama kuna jambo tamu mbele yako. Jambo hilo linaandikwa na kuwa hati mpya. Ya pili ni kwamba ndani ya muda huo hakuna kazi nyingine. Ujumbe wa ofisini umefungwa, simu imegeuzwa, na wenzako wanajua. Ukikatizwa kwa dakika tano, andika na uendelee. Ukiitwa kwenye mkutano wa nusu saa, funga kikao hapo, andika muda uliotumika kweli, na ufungue kingine baadaye kwa hati ileile. Kuunganisha vipande viwili vya muda na kuviita kikao kimoja kunaharibu kitu pekee kinachofanya vikao vilinganishike.

Wakati wa kupanga wiki, usigawanye saa za kazi kwa dakika 90 ukadhani mtu atafanya vikao vitano kwa siku. Kuna mazungumzo ya baada ya kikao, kuna kuandika ripoti za hitilafu, kuna kuhakiki marekebisho, kuna mikutano. Viwili kwa siku ni kasi nzuri, vitatu ni siku iliyokwenda vizuri sana.

Tatizo gumu zaidi la muda linatokea katikati: umepata hitilafu. Je, uichimbe au uendelee? Mimi natumia kipimo cha dakika kumi. Ndani ya dakika kumi jaribu kuirudia, punguza faili au hatua hadi libaki lile la lazima, hifadhi ushahidi. Zikiisha hujaelewa, andika unachokijua na uendelee, kwa sababu msanidi mwenye msimbo mbele yake mara nyingi ataipata chanzo chake haraka kuliko wewe unayebahatisha kwa nje. Ninaivunja kanuni hii pale hitilafu inapokuwa jibu la moja kwa moja la swali la hati. Hapo kuichimba ndiyo kazi yenyewe.

Kuandika wakati kikao kikiendelea

Andika palepale. Anayesema ataandika baadaye huandika hadithi: mambo yanapangika vizuri kuliko yalivyokuwa, na majaribio yaliyopita salama yanasahaulika kwa sababu hayakuwa na jambo la kusimulia. Na hayo yaliyopita salama ni nusu ya thamani ya kikao, maana ndiyo yanayosema tulipita wapi.

Tabia moja ninaisisitiza kwa kila mjaribu mpya: andika unachotegemea kabla ya kubonyeza, kisha andika ulichokiona. Macho yana ukarimu mwingi. Ukishaona matokeo, akili inaanza kuyatafutia sababu ya kuwa sahihi. Mstari mfupi ulioandikwa sekunde kumi kabla unazuia hilo.

Hivi ndivyo maandishi ya kikao chetu yalivyokuwa:

```
10:14  01-msingi.csv, wateja 20.
       Onyesho 20, orodha 20. Wateja 3 nimewalinganisha
       herufi kwa herufi: sawa.
10:21  02-bom.csv (01 + BOM tu).
       Nategemea: sawa na 01.
       Naona: "Safu ya jina haipo". Safu ipo.
       -> HITILAFU 1
10:33  03-sifuri.csv, simu 0123456789.
       Nategemea: 0123456789 kila mahali.
       Naona: onyesho 0123456789, orodha 123456789.
       -> HITILAFU 2
10:46  04-nuktamkato.csv.
       Imekataliwa, ujumbe unaeleweka. Si hitilafu.
       -> SUALA 1: tunakusudia kuipokea au la?
10:58  05-anwani.csv, mteja wa 7 ana anwani ya mistari 2
       ndani ya alama za nukuu.
       Nategemea: 20.
       Naona: onyesho 20, ujumbe "Wateja 20 wamehifadhiwa",
       orodha 19. Wa 7 hayupo.
       -> HITILAFU 3
11:09  Kitufe cha Hifadhi hakizimiki kikisha bonyezwa.
       Sijakijaribu. -> HATI MPYA
11:18  06-tarakimu12.csv kutoka Excel.
       Ndani ya faili lenyewe simu ni 1.23457E+11.
       Mfumo umeipokea bila onyo. -> SUALA 2
```

Hitilafu ya kwanza ilikuwa ya haraka. BOM ni baiti tatu, EF BB BF, ambazo baadhi ya programu huziweka mwanzoni mwa faili la UTF-8. Excel huziweka ukichagua kuhifadhi kama "CSV UTF-8". Hazionekani kwenye skrini. Programu inayosoma faili bila kuzitarajia inaziunganisha na neno la kwanza, kwa hiyo safu ya kwanza haiitwi tena `jina` bali `jina` lililotanguliwa na herufi isiyoonekana. Dalili yake ni hiyohiyo: mfumo unalalamika kuhusu safu ya kwanza peke yake, na wewe unaiona iko mbele yako. Kwa upande wa hati yetu, hii haikuwa ya hatari kubwa kwa kuwa mfumo ulitoa onyo, ingawa onyo lenyewe lilikuwa la kupotosha. Iliandikwa kwa dakika nane na kikao kikaendelea.

Ya pili ilihitaji uangalifu. Sifuri ya mwanzo ikipotea kwenye namba ya simu, mtuhumiwa wa kwanza ni programu ya jedwali, kwa sababu ikiona tarakimu tupu inazichukulia kuwa namba, na namba haina haja ya sifuri ya mbele. Mjaribu akilifungua faili kwa Excel "ili kuhakikisha" kisha akalihifadhi, anaweza kuwa ameiondoa sifuri mwenyewe na kuusingizia mfumo. Kwa hiyo faili hili lilitengenezwa na kukaguliwa kwa kihariri cha matini cha kawaida, ambacho hakibadilishi chochote. Sifuri ilikuwemo kwenye faili, ilikuwemo kwenye onyesho la awali, na haikuwemo kwenye orodha. Kosa liko kati ya onyesho na hifadhidata, na ripoti ya hitilafu inaweza kusema hivyo bila kubahatisha.

Ya 11:18 inafanana nayo lakini ni kesi tofauti. Excel ikipewa namba ya tarakimu 12 au zaidi kwenye seli isiyopangiwa aina, huionyesha kwa mtindo wa kisayansi, na inapohifadhi CSV inaandika kile kinachoonekana. Tarakimu za mwisho zimeshakwenda kabla faili halijafika kwenye mfumo wetu. Hakuna wa kuzirudisha. Swali lililobaki ni kama mfumo uruhusu `1.23457E+11` iitwe namba ya simu. Hilo si la mjaribu kuamua, ndiyo maana liliandikwa kama suala. Kwenye karatasi ya kikao suala ni jambo linalohitaji uamuzi au linalozuia kazi, na lina mahali pake tofauti na hitilafu. Ukiyachanganya, msanidi atapokea maswali ya kisera yaliyovaa nguo za hitilafu, atayafunga, na hakuna atakayeyajibu.

Ya tatu ndiyo iliyokuwa windo letu. Katika CSV, thamani iliyozungukwa na alama za nukuu inaruhusiwa kuwa na mkato na hata kuruka mstari ndani yake. RFC 4180 ya mwaka 2005, hati inayoeleza muundo huu, inasema hivyo waziwazi. Anwani ya mistari miwili ni jambo la kawaida kabisa. Mfumo ulisema umehifadhi wateja 20 na ulikuwa umehifadhi 19.

Hapa kanuni ya dakika kumi iliwekwa kando. Mjaribu alilipunguza faili hadi wateja wawili, mmoja akiwa yule wa saba: tatizo likabaki, akahifadhiwa mmoja. Akaondoa kule kuruka mstari lakini akaziacha alama za nukuu: wote wawili wakahifadhiwa. Akaweka mkato ndani ya nukuu badala ya kuruka mstari: wote wawili tena. Kwa hatua tatu alikuwa ameonyesha kwamba nukuu zenyewe zinasomeka vizuri na mkato unasomeka vizuri. Kinachovunja ni kuruka mstari peke yake, na onyesho la awali halivunjiki. Picha inayojitokeza ni ya wasomaji wawili wa faili, mmoja kwenye kivinjari anayeielewa CSV, mwingine kwenye seva anayekata faili mstari kwa mstari, anapata vipande viwili visivyokamilika, na kuvitupa vyote kimya. Kwenye ripoti aliandika alichokiona kama alichokiona, na dhana hiyo ya wasomaji wawili aliiandika chini yake kama dhana.

Kwa kila hitilafu hifadhi faili lenyewe, namba ya toleo, saa ya tukio pamoja na ukanda wake wa saa, na ombi kama lilivyoonekana kwenye zana za kivinjari. Picha ya skrini inasaidia, lakini kwa hitilafu za aina hii faili lina thamani kuliko picha kumi.

Ile ya 11:09 inastahili kutazamwa kwa sababu ya alichokiacha. Kitufe kisichozimika baada ya kubonyezwa kinaalika swali la kubonyeza mara mbili na kupata kila mteja mara mbili. Kishawishi ni kikubwa. Lakini mjaribu alikuwa katikati ya hitilafu ya tatu, na kubonyeza kwa pupa kungempa ushahidi uliochanganyika. Aliandika mstari mmoja akaendelea.

Kufunga karatasi

Dakika chache za mwisho ni za kujaza hesabu ya muda. Katika utaratibu wa ndugu Bach, muda wa kikao hugawanywa kwenye mafungu matatu: kubuni na kuendesha majaribio, kuchunguza na kuandika hitilafu, na maandalizi. Juu yake kuna mgawanyo wa pili, kati ya muda uliotumika kwenye hati na uliotumika kwenye fursa, yaani mambo ya nje ya hati yaliyojitokeza yakafuatwa. Makadirio ya karibu yanatosha. Usishike saa ya sekunde kwa ajili ya hili.

```
MUDA          kawaida, 10:00-11:30
MAJARIBIO     50%
HITILAFU      35%
MAANDALIZI    15%
HATI/FURSA    100/0
SIJAFIKA      usimbaji usio UTF-8, tarehe,
              mafaili ya Mac, faili la wateja 5000
```

Asilimia hizi zinasomwa pamoja na maandishi. Yetu inasema kwamba nusu ya muda tu ndiyo iliyotumika kuuliza maswali mapya, kwa sababu hitilafu zilikula theluthi nzima. Kwa hiyo mtu asichukulie kwamba hati hii imekwisha: sehemu iliyojaa hitilafu ndiyo ambayo mjaribu ameiona kidogo zaidi. Maandalizi yakipanda hadi asilimia 50 kwenye vikao vitatu mfululizo, tatizo ni mazingira ya majaribio, na sasa una ushahidi wa kumpelekea anayehusika. Fursa zikizidi hati, hati ilikuwa mbaya au mfumo ulikuwa na jambo kubwa ambalo hakuna aliyelifikiria.

Sehemu ya "sijafika" haipo kwenye kila kiolezo. Iweke. Bila hiyo, msomaji atadhani ukimya unamaanisha usalama.

Kitu kimoja cha kukataa kabisa ni kuhesabu hitilafu kwa kikao na kuwalinganisha wajaribu kwa hesabu hiyo. Siku hiyo hiyo watu wataanza kuchagua hati zenye hitilafu rahisi na kuzivunja hitilafu moja kuwa nne.

Mazungumzo ya baada ya kikao

Siku hiyohiyo, kwa kama robo saa, kiongozi wa majaribio anaipitia karatasi pamoja na mjaribu. Anauliza kilichofanyika, kilichopatikana, kilichozuia, kinachofuata, na mjaribu anajisikiaje kuhusu alichokiona. Swali la mwisho huonekana la pembeni, lakini ndilo linalotoa mambo ambayo bado hayana ushahidi wa kutosha kuandikwa.

Mazungumzo mazuri yanahoji maandishi. Kwenye kikao hiki kiongozi alianza na ya 10:33.

"Ulijuaje kwamba sifuri imeondolewa na mfumo, si Excel?"

"Faili hilo halijawahi kufunguliwa kwa Excel. Na onyesho la awali lilikuwa nayo."

"Sawa. Na baruapepe, anwani, hizo ulizilinganisha kwenye kila faili, au ulihesabu wateja tu?"

"Baada ya lile la kwanza nilihesabu tu, na kuangalia ile safu niliyoigusa."

"Basi hatujui kama kuna safu nyingine inayobadilika."

Hawakuwa na namna ya kubisha hapo. Hati ilisema taarifa zinazobadilika au kupotea. Kupotea kulikuwa kumeangaliwa vizuri, kubadilika kulikuwa kumeangaliwa mahali pachache. Kulinganisha wateja 20 kwa macho kwenye kila upakiaji kunachosha na macho huruka, kwa hiyo waliomba kwa msanidi njia ya kuihamisha orodha iliyohifadhiwa kurudi kwenye CSV, ili faili lililoingia na lililotoka yalinganishwe kwa amri moja:

```
diff 01-msingi.csv 01-kilichohifadhiwa.csv
```

Mpangilio wa safu na nukuu vitahitaji kusawazishwa kwanza, la sivyo kila mstari utaonekana tofauti.

Kutokana na mazungumzo hayo zilitoka hati mbili. Ya kwanza ilirudia swali lilelile kwa usimbaji wa herufi usio UTF-8 na tarehe, safari hii kwa kutumia ulinganisho huo. Ya pili ilihusu kitufe: chunguza kuhifadhi wateja kwa kubonyeza mara mbili, kurudi nyuma na kukata mtandao katikati, ili kugundua wateja wanaojirudia au upakiaji ulioishia nusu. Hati ya tatu iliyokuwa kwenye orodha tangu mwanzo wa wiki, ya kuangalia maneno ya ujumbe wa makosa, iliondolewa hadi msomaji wa faili upande wa seva atakapoandikwa upya, kwa kuwa ujumbe wenyewe ungebadilika.

Mafaili 02, 03 na 05 yalipelekwa kwa msanidi pamoja na ripoti zake, na baada ya marekebisho yakawekwa kwenye majaribio ya kiotomatiki yanayoendeshwa kila mabadiliko yanapoingizwa. Kuanzia hapo hakuna mjaribu anayehitaji kuyapakia tena kwa mkono.